Je, wajua kwa nini ukuta wa nyumba mpya hutoa chumvi?

"Tumehamia kwetu juzi tu. Shangazi alipoona picha tumesimama sebuleni aliandika: 'Hongereni sana wanangu, Mungu awape afya humo ndani, na kuta zisitoe chumvi.' Nyumba yenyewe ni mpya kabisa. Hiyo chumvi itoke wapi?"

Imo ndani ya ukuta tayari, na maji ndiyo yanayoitoa nje. Shangazi huenda amewahi kuishi kwenye nyumba ya aina hiyo, maana alichowaombea ni kitu kinachowasumbua wenye nyumba wengi wa pwani. Kwanza rangi inavimba karibu na sakafu, kisha unga mweupe unajitokeza, halafu lipu inaanza kumong'onyoka ukiigusa kwa kidole.

Lawama ya kwanza humwendea fundi: alitumia mchanga wa bahari. Ya pili huenda kwa rangi: ilikuwa ya bei rahisi. Mchanga wa bahari kweli ni mbaya, kwa sababu kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mchanga usiooshwa kwa maji yasiyo na chumvi hubaki nayo. Lakini nyumba za Dodoma na Tabora, mbali kabisa na bahari, nazo hutoa chumvi. Saruji yenyewe ina chumvi za asili. Maji ya kisima yaliyochanganyia zege yanaweza kuwa nayo, na udongo ulio chini ya msingi pia. Hakuna ukuta wa tofali za saruji usio na chumvi hata kidogo, kwa hiyo cha kuuliza ni kama kuna maji ya kuisafirisha. Rangi nayo haizalishi chumvi hata iwe duni namna gani. Inachofanya ni kuonyesha mahali maji yalipotokea, na kupaka nyingine juu yake hubadilisha mwonekano kwa miezi michache tu.

Safari yenyewe ni kama ya mafuta kwenye utambi wa kandili. Hakuna anayeyasukuma mafuta juu. Nyuzi za utambi zina nafasi nyembamba, na mafuta hujivuta yenyewe kupanda humo. Yakifika kileleni yanaondoka, mengine yanafuata kutoka chini, na utambi unaendelea kunywa maadamu chini kuna mafuta. Tofali na lipu zina vijinjia vyembamba vya namna hiyo, visivyoonekana kwa macho. Maji huingia yakiwa yamebeba chumvi iliyoyeyuka, yanafika usoni mwa ukuta, yanakuwa mvuke na kwenda zake. Chumvi haiwezi kuwa mvuke, hivyo inabaki. Ikikauka juu ya lipu mnaona unga mweupe, na huo hauna madhara makubwa. Ikikauka nyuma ya rangi au ndani ya lipu, chembe zake zinakua mahali pasipo na nafasi na kuisukuma rangi hadi ivimbe na kubanduka.

Maji hayo yana vyanzo viwili, na kuvitofautisha ndiko kunakoamua mfanye nini.

Chanzo cha kwanza ni ujenzi wenyewe. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji ya lita 25 hadi 30 hivi. Saruji ikishika hufunga takriban robo ya uzito wake, yaani kama lita 12. Yanayobaki lazima yatoke taratibu. Tuseme kuta, sakafu na lipu za nyumba yenu zilikula mifuko 200: hapo kuna karibu lita 3,000 za kukauka, sawa na matangi matatu ya lita 1,000. Mengi hutoka kabla ya kuhamia, lakini yaliyo katikati ya ukuta huchelewa, hasa rangi ikipakwa haraka ili nyumba ipendeze siku ya wageni. Lipu mpya inahitaji walau siku 28 kabla ya rangi ya maji, na rangi ya mafuta isubiri zaidi kwa sababu inaziba kabisa. Chumvi ya chanzo hiki hutokea miezi ya mwanzo, hutawanyika ukutani bila mpangilio, na hupungua kila mkiisafisha. Iondoeni kwa brashi kavu. Mkiiosha kwa maji inayeyuka, inarudi ndani, na wiki chache baadaye inachungulia tena.

Chanzo cha pili ni ardhi, na hicho ndicho cha kuogopa. Juu ya msingi, kabla ya kuanza ukuta, hutakiwa kulazwa nailoni nene au karatasi ya lami ili kuukata ule utambi. Kama haikuwekwa au ilichanika, maji hupanda kila msimu. Dalili yake ni mkanda unaofuata sakafu, mara nyingi haufiki mita moja, wenye ukingo wa juu unaoonekana wazi. Masika yakija unakolea.

Kuna kosa moja ambalo hufanywa baada ya kuhamia, na kwa nia njema kabisa. Nailoni ipo na ni nzima, lakini mwenye nyumba anajaza udongo wa bustani ya maua ukutani, au anatandaza tofali za uani juu zaidi ya usawa wa msingi. Udongo unagusa lipu juu ya nailoni na maji yanapata njia ya pembeni. Tokeni nje mtazame: udongo uwe chini ya usawa wa nailoni kwa walau sentimita 15.

Kama mna shaka, kateni nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45, ibandikeni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, iacheni usiku kucha hadi mchana. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha. Na kama hamjui kilicho ukutani ni chumvi au ukungu, dondosheeni tone la maji. Chumvi huyeyuka, ukungu hubaki.

Pwani kuna ugumu mwingine. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, hali ya kawaida usiku Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Ukuta uliokwisha kujaa chumvi unaweza kulowa bila tone kutoka chini. Ndiyo maana kuziba chanzo peke yake hakutoshi: lipu iliyoathirika ibanduliwe hadi sentimita 30 juu ya alama, itupwe, ipigwe nyingine.

Msishawishike kuipiga kwa saruji nzito sana. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huachia unyevu utoke. Zilipokarabatiwa kwa lipu ya saruji, unyevu ulinaswa nyuma, ukapanda juu zaidi, na lipu ikabanduka vipande vipande. Kwenye ukuta wenu wa tofali za saruji, tumieni lipu ya wastani na rangi ya maji inayopitisha mvuke. Kama nailoni ya msingi haikuwekwa kabisa, zungumzeni na fundi mzoefu kuhusu kukata ukuta kipande kwa kipande na kuiingiza. Ni kazi ya gharama, hivyo subirini masika moja yapite mhakikishe kwamba mkanda ule upo kweli.