"Hebu tuambie kukuhusu": dhana potofu za mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa

Kazi yangu ni ya kuondoa mizigo bandarini Kilindini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaohoji vijana wanaoomba ukarani ofisini kwetu. Swali la kwanza huwa lile lile: hebu tuambie kukuhusu. Wengi wanaotoka chuoni moja kwa moja huteleza hapo, na si kwa kukosa la kusema. Wamefunzwa vibaya kuhusu kinachoulizwa.

Dhana: Hapa ndipo pa kusimulia maisha tangu kuzaliwa

"Nilizaliwa Kaloleni, mimi ni wa tatu kati ya watoto sita, shule ya msingi nilisoma..." Akifika sekondari dakika nzima imeshapita, na hatujasikia lolote linalohusu kazi aliyoiomba.

Anayeuliza hataki historia. Anataka kujua ni nini ndani yako kinachoelekea kazi hii, na anakuachia uchague mwenyewe. Jinsi unavyochagua ni sehemu ya jibu. Dini, kabila, ndoa na watoto viache nje kabisa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, kabila na hali ya ndoa, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Hulazimiki kumpa mtu habari asizopaswa kuzitumia kukupima.

Dhana: Kama sijaajiriwa, heri nikiri mapema na kuomba nafasi ya kujifunza

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kijana anaanza kwa kusema, "Kwa kweli sina uzoefu, lakini ninajifunza haraka." Sivii yake tumeisoma, na tumemwita tukijua hajaajiriwa. Kulirudia ni kutumia sentensi yake ya kwanza kututajia upungufu tuliokwisha kuukubali. Na hilo la kujifunza haraka hulisema kila mtu, kwa hivyo halimtofautishi yeyote.

Uzoefu na ajira ni vitu viwili. Ajira ina barua na mshahara. Uzoefu ni kwamba jambo fulani lilikuwa mikononi mwako, likakwama, ukalitengeneza, na kuna mtu anayeweza kushuhudia. Atachimenti ya miezi mitatu ni uzoefu. Uweka hazina wa chama cha wanafunzi ni uzoefu. Hata duka la nyumbani ni uzoefu, ingawa ndilo vijana hulionea haya.

Binti wa jirani yangu hapa Tudor alinijia siku mbili kabla ya mahojiano ya ukarani wa nyaraka kwenye kampuni nyingine ya mizigo. Alikuwa amehitimu usimamizi wa biashara.

"Mjomba, nitasema nini? Mimi sijafanya kazi popote."

Nikamuuliza likizo zake alikuwa akizimalizia wapi. Akaniambia kwa mamake mdogo, anayeuza leso Mtaa wa Biashara. "Lakini hiyo si kazi, Mjomba. Nilikuwa nasaidia tu."

Nikamwomba anieleze alichosaidia, siku moja tu, kwa hesabu zake. Ikatoka polepole. Mzigo ulikuja na ankara ya korja 6, yaani vitambaa 120. Yeye akahesabu kimoja kimoja kabla ya kutia sahihi, akapata 112. Akaandika upungufu kwenye nakala ya ankara, akamwita aliyeleta mzigo naye atie sahihi, na mamake mdogo akalipia vitambaa 112. Tangu siku hiyo akaanzisha daftari la kupokelea mzigo, na duka linalitumia hadi leo.

Sasa tazama kazi aliyoiomba. Karani wa nyaraka analinganisha ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena kabla ya taarifa kuingizwa kwenye mfumo wa forodha. Idadi au uzito ukitofautiana kati ya karatasi moja na nyingine, mzigo unakwama, gharama za kuhifadhi zinaendelea kupanda, na mwenye meli naye anadai kwa kuchelewesha kontena lake. Binti huyu tayari alikuwa na tabia ambayo kazi nzima inaitegemea, ila aliiita kusaidia.

Tukalipanga jibu kwa sehemu tatu: yeye ni nani sasa, jambo moja alilolifanya, na kwa nini hapo. Likawa hivi:

"Nimehitimu mwaka huu shahada ya usimamizi wa biashara, na somo nililolipenda zaidi ni la ugavi. Wakati wa likizo nilikuwa nikipokea mzigo kwenye duka la leso la familia yetu Mtaa wa Biashara. Siku moja ankara ilionyesha vitambaa 120, nikahesabu nikapata 112. Nilirekebisha ankara mbele ya aliyeleta mzigo, tukalipia tulichopokea, kisha nikaanzisha daftari la kupokelea ambalo bado linatumika. Nimeomba nafasi hii kwa sababu tangazo lenu linataka mtu wa kulinganisha nyaraka za mizigo, na kazi ya kukagua kilichoandikwa dhidi ya kilichopo ninaipenda na nimeizoea. Mfumo wa forodha bado sijautumia."

Ukilisoma kwa sauti ya kawaida halifiki dakika moja na nusu. Sentensi ya mwisho alitaka kuiondoa, nikamsihi aiache. Ukitaja kwa utulivu kitu kimoja usichokijua, baada ya kuonyesha unachokijua, watu wanaamini na yale mengine. Kukitaja mwanzoni ndiko kunakoharibu.

Kuna mpaka hapa. Usilikuze jambo. Asingeweza kusema "nilisimamia ugavi wa kampuni", kwa sababu swali linalofuata lingekuwa wafanyakazi wangapi, wasambazaji wangapi, na jibu lote lingeporomoka. Sema duka, sema leso, sema 112. Namba ndogo ya kweli inastahimili maswali.

Dhana: Jibu zuri ni sivii iliyosomwa kwa sauti

Sivii iko mezani. Chagua jambo moja humo na ulifungue, mengine yaache yaulizwe. Dalili ya jibu lililofaulu ni rahisi kuitambua: swali la pili linatoka ndani ya maneno yako. Mtu akikuuliza "hilo daftari ulilipanga vipi?", umefika. Wakishukuru na kurudi kwenye karatasi yao ya maswali, huenda jibu halikuwapa pa kushika.

Dhana: Likariri neno kwa neno

Kariri mambo matatu na namba zako, basi. Aliyekariri sentensi akikatizwa katikati hupotea, nasi hukatiza mara kwa mara. Jirekodi kwa simu mara tatu, kila mara kwa maneno tofauti kidogo. Kama mahojiano yatakuwa kwa Kiingereza, na mengi ya ofisini hapa Mombasa huwa hivyo, fanya mazoezi kwa Kiingereza hicho hicho. Nimeona vijana waliojieleza vizuri sana barazani kwa Kiswahili wakikwama kwenye neno "ankara" tu, kwa sababu hawakuwahi kulitamka kwa lugha waliyoulizwa.

Na ukimaliza sehemu ya tatu, nyamaza. Wengi huogopa kile kimya kifupi wanachokiacha wanaohoji wakiandika, wakaanza kuongeza: "na pia ninapenda kusoma, na kuogelea..." Kimya hicho ni chetu, tunaandika ulichosema.