Mfupa Ulioota Ndani ya Paja Baada ya Teke la Punda: Maswali ya Mzazi wa Lamu

Daktari, kijana wangu wa miaka 19 alipigwa teke la paja na punda akiteremsha mawe gatini. Sasa ni wiki ya tatu. Wekundu umeisha, lakini paja lina donge gumu na goti halikunji. Ni kitu gani?

Pole, mama. Kwa umri huo, kwa pigo hilo na kwa muda huo, kitu cha kwanza kufikiriwa ni mfupa unaoota ndani ya msuli. Jina lake la kitabibu ni maiositisi osifikansi. Kwato linapotua mbele ya paja, msuli unabanwa katikati ya kwato na mfupa wa paja. Nyama inayoumia zaidi ni ile ya ndani kabisa, iliyolala juu ya mfupa. Damu huvilia humo, na kwa baadhi ya watu chembe zinazokuja kutengeneza jeraha hushika njia isiyo yake: badala ya kujenga nyama, hujenga mfupa. Wengi husema damu imeganda ikawa jiwe. Sivyo. Ni mfupa wa kweli, umeota pasipo mahali pake.

Dalili kubwa ni mwendo wa mambo. Paja lililovilia damu kwa kawaida hulegea siku hadi siku, na baada ya siku kumi hivi mtu anakunja goti vizuri kuliko jana. Kwa kijana wako mambo yamekwenda kinyume: wiki ya pili na ya tatu ugumu umezidi.

Mpimeni hivi nyumbani. Alale kifudifudi akunje goti mwenyewe, bila kusukumwa, mpaka pale maumivu yanapoanza. Pimeni kwa rula umbali wa kutoka kisigino hadi tako, kisha pimeni vivyo hivyo mguu usioumia. Tuseme mguu usioumia ni sentimita 4 na ulioumia ni 31: iandikeni pamoja na tarehe, mrudie kila wiki. Namba hiyo itamsaidia daktari kuliko neno "bado kidogo".

Alipigwa eksirei siku ya nne tukaambiwa hakuna kitu. Mbona tunaambiwa arudie?

Kwa sababu eksirei ya siku ya nne ilijibu swali moja tu: je, mfupa wa paja umevunjika? Haukuvunjika, na jibu lile lilikuwa sahihi. Mfupa mpya huwa haujapata chokaa ya kutosha kuonekana. Katika wiki mbili za mwanzo picha huwa safi. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne huonekana ukungu mweupe hafifu, kama moshi ndani ya nyama. Wiki ya sita hadi ya nane ukungu ule hujipanga ukawa mstari mweupe unaozunguka ukingo wa donge. Baada ya miezi mitano au sita donge huwa mfupa uliokomaa, na mara nyingi huwa limepungua ukubwa.

Ultrasaundi inaweza kuona ukingo huo mapema kuliko eksirei, wakati mwingine wiki ya pili au ya tatu, na haina mionzi. Basi kwa kijana wako mpango wa busara ni ultrasaundi na eksirei sasa, kisha eksirei nyingine kama wiki tatu au nne mbele. Apigwe picha kwa pande mbili, mbele na ubavuni, na muweke picha ya kwanza: jibu limo katika kuzilinganisha. Ikiwa eksirei ya wiki ya sita bado haieleweki, skani ya CT ndiyo inayouonyesha ukingo vizuri kuliko zote.

Jamaa alitulipia MRI Mombasa. Ripoti inasema uwezekano wa sakoma hauwezi kuondolewa. Ana saratani?

Sakoma ni saratani ya nyama au mfupa, lakini ripoti haijasema anayo. Imesema kuwa picha hii, kwa siku hii, haiwezi kutenganisha mambo mawili. MRI ya wiki za mwanzo ndiyo inayotisha kuliko zote: donge linaonekana limechafuka, maji yamesambaa kwenye nyama hadi mbali, na dawa ya kung'arisha picha inanyonywa kwa nguvu. Sakoma nayo yaweza kuonekana vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, MRI huikosa kirahisi chokaa iliyo nyembamba, na chokaa ndiyo tunayoitafuta.

Tofauti imo katika mpangilio. Donge la kijana wako, kama ni lile tunalolidhani, hukomaa kuanzia nje kuja ndani. Fikiria dafu: nje kifuu kigumu, ndani laini. Mfupa uliokomaa uko ukingoni, mfupa mchanga uko kati ya ukingo na kiini, na kiini ndicho laini kuliko vyote. Sakoma inayotengeneza mfupa kwa kawaida huenda kinyume, kama embe: kokwa gumu liko ndani, na nje ni nyama isiyo na mpaka thabiti. Ndiyo maana wiki ya sita tunauliza swali moja: je, pete nyeupe imezunguka donge lote? Pete kamili, na mara nyingi ufa mwembamba mweusi kati ya donge na mfupa wa paja, ni ushahidi mzuri sana kwamba si sakoma. Vitone vilivyotawanyika, au pete iliyokatika upande mmoja, havitoshi: zipo sakoma zenye chokaa ya vipande vipande, na zipo zisizo na chokaa kabisa.

Mwendo nao unasema. Donge la jeraha huuma sana mwanzoni, kisha maumivu hupoa na donge hunywea. Sakoma huongezeka kwa miezi, nayo yaweza kukua hata bila kuuma.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini kuhusu sindano ya kutoa kinyama, yaani bayopsi. Ikichomwa katikati ya donge katika wiki hizi, itatoa chembe changa zinazogawanyika kwa kasi, na mtu wa maabara asiyejua habari za punda anaweza kuziita saratani. Watu wamewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa usiohitajika kwa kosa la namna hiyo. Kwa upande wa pili, ikiwa kweli ni sakoma, sindano iliyochomwa ovyo inaweza kupanda chembe za saratani njiani inamopita. Kwa hiyo bayopsi isifanywe kwa haraka na yeyote aliye karibu. Ikihitajika, ifanywe na timu inayotibu sakoma, daktari atakayepasua akiwa amekubali njia ya sindano. Kinyama kichukuliwe kuanzia ukingoni hadi kiini, na fomu ya maabara iandikwe tarehe ya teke na picha zote ziambatanishwe.

Kusubiri picha ya wiki ya sita kunafaa kwa sababu kijana huyu ana pigo linalojulikana siku yake, na donge limetokea palepale lilipotua kwato. Kusingefaa kama hakuna aliyekumbuka pigo la maana, au kama donge lilikuwepo kabla ya teke. Watu wengi hugundua sakoma baada ya kujigonga kidogo, wakadhani pigo ndilo lililoileta, kumbe limewafanya wapashike tu. Wala msisubiri ikiwa donge linaendelea kukua, maumivu ya usiku yanazidi, eksirei inaonyesha mfupa wa paja unaliwa, au wiki ya sita imefika na pete haipo. Hapo ni rufaa, na mapema. Homa na ngozi yenye moto ni jambo jingine: huenda ni usaha, na huyo aonwe siku hiyohiyo.

Bibi yake anasema achuliwe kwa mafuta ya simsim ya moto, donge livunjike. Kuna ubaya?

Mwambieni bibi kwa heshima: mkono wake una faida nyingi, lakini si kwa donge hili. Kuchua na kukandamiza huchana nyama changa iliyoanza kushikana, damu huvuja upya, na kile kinachojenga mfupa hupata kazi zaidi. Chuku ni vivyo hivyo. Kumlaza na kumkunja goti kwa nguvu, watu wawili wamemshikilia, ni kubaya zaidi. Kukanda kwa maji ya moto kuepukwe katika siku za mwanzo, wakati damu inavuja. Akitaka kupakwa mafuta juu ya ngozi bila kukandamizwa, hayatamdhuru.

Basi afanye nini, na lini atarudi kwenye mpira na mizigo?

Atembee, akitumia magongo ikiwa anachechemea, na ayaache atakapoweza kwenda sawasawa. Akunje na kunyoosha goti kwa nguvu zake mwenyewe, mara kumi hivi, mara tatu au nne kwa siku, akomee pale maumivu yanapoanza. Akae mguu umenyooka, akaze msuli wa paja hadi tano, aulegeze, arudie. Kipimo cha kujua kama amezidisha ni asubuhi ya pili: donge likiuma zaidi au zile sentimita zikiongezeka, apunguze nusu. Goti likishapita pembe mraba bila maumivu, aongeze baiskeli na kuogelea.

Mpira na mizigo vingoje mpaka visigino viwili viwe karibu sawa kwa rula, donge lisiume likibonyezwa, na aweze kurukaruka kwa mguu ule mmoja kama kwa mwingine. Hesabuni miezi, si wiki. Akirudi uwanjani avae kinga nene ya paja, kwa kuwa pigo la pili palepale ndilo linaloharibu kazi yote. Huko kwenye mawe, asimame ubavuni mwa punda karibu na bega, si nyuma ya miguu.

Hawezi kupasuliwa tu likatolewa?

Si sasa. Likikatwa likiwa changa huota tena. Wengi hawahitaji upasuaji kabisa. Hufikiriwa baada ya miezi 6 hadi 12, picha zikiwa hazibadiliki tena, na kwa yule tu ambaye goti limebaki limezuiwa au donge linabana mshipa.

Na mdogo wake akipigwa hivyo kesho?

Hapo dakika za mwanzo zina thamani. Kama mfupa haujavunjika, mkunjeni goti taratibu kadiri linavyokubali bila kulazimisha, mkilenga nyuzi 120, yaani kupita pembe mraba kisigino kikielekea takoni. Lifungeni hivyo kwa bendeji ya mpira, paja na muundi pamoja, kwa saa 24. Msuli ulionyooshwa hivyo hubana mahali damu inapovujia, na goti halikakamai likiwa limenyooka. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe dakika 15 hadi 20 kila saa mbili au tatu akiwa macho. Kesho yake mfungueni, aanze kukunja na kunyoosha mwenyewe.

Daktari anaweza kuandika indomethasini kwa siku chache ili kuzuia mfupa usiote. Ushahidi wake mwingi umetoka kwa waliopasuliwa nyonga, si kwa waliopigwa paja, na dawa hiyo huumiza tumbo na figo, kwa hiyo isinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Angalieni vidole vya mguu kila saa moja au mbili. Vikifa ganzi au vikiwa baridi, fungueni bendeji palepale. Ikiwa hata baada ya kufungua paja linakaza kama ngoma, maumivu yanapanda licha ya dawa, na hawezi kuvumilia goti kukunjwa hata kidogo, huenda damu imejaa ndani hadi inabana mishipa. Huyo hangoji asubuhi: tafuteni boti, apelekwe hospitali usiku huohuo.