Milioni 14 za nani? Kamisheni kwenye wasifu wa wakala wa bima

Binti mmoja kutoka Igoma aliniletea wasifu wake ofisini, karatasi 2 zilizopigwa pini. Nilikuwa natafuta mtu wa kuuza bima za magari na maduka hapa Mwanza mjini, kwa hiyo jicho langu liliruka shule na semina, likatua kwenye mstari huu: “Mwaka 2023 niliingiza kamisheni ya shilingi 14,160,000.” Nikachukua kikokotoo.

Mwaka huo bima ndogo ya gari binafsi, ile inayomlinda mtu wa tatu, ilikuwa shilingi 118,000. Ndani yake kulikuwa na ada ya bima 100,000 na Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18. Kamisheni huhesabiwa kwenye ile 100,000 tu, kwa sababu 18,000 ni mali ya serikali. Mkataba wake wa uwakala ulimpa asilimia 12.5 kwa magari, yaani shilingi 12,500 kwa kila stika. Kama milioni 14 zote zilitoka hapo, basi aliuza zaidi ya stika 1,100 kwa mwaka, karibu 22 kila wiki bila kupumzika hata Krismasi. Ofisi nzima yenye meza pale stendi ya Nyegezi inaweza. Mtu mmoja anayetembea kwa miguu, hapana.

Nikamuuliza, “Hizi milioni 14 ziliingia kwako?”

“Hapana mama, hizo ndizo zilizopita mkononi mwangu. Wateja walilipa, mimi nikapeleka.”

Hakuwa anadanganya. Alichanganya vitu 3 ambavyo mawakala wengi huvichanganya: alicholipa mteja, ada ya bima yenyewe, na fungu la wakala. Tukakaa na daftari lake, na hesabu ikatoka hivi. Shilingi 14,160,000 ukiondoa kodi ni ada ya milioni 12. Milioni 8 zilikuwa za magari: bima ndogo 52 na bima kubwa 4, kila gari likiwa na thamani ya karibu milioni 20 na ada ya 700,000. Milioni 4 zilizobaki zilikuwa za moto na wizi, maduka na maghala 9, na huko mkataba wake ulimpa asilimia 20. Kwa hiyo kamisheni ya magari ni milioni 1, na ya maduka ni 800,000. Jumla milioni 1.8, kabla ya kodi ya zuio.

Aliinamisha kichwa, akiona mwaka wake mzima umekuwa mdogo ghafla. Mimi niliona kinyume. Duka 9 zilimletea karibu sawa na magari 56, na huyo ni mwuzaji anayejua kupanda kutoka bima ya lazima kwenda bima ya hiari. Gari halitembei bila stika, trafiki atakusaidia kuuza. Mwenye duka hasimamishwi na mtu yeyote barabarani. Lazima umwelewe hadi akuelewe. Habari hiyo nzuri haikuwemo kabisa kwenye wasifu, ilikuwa imefunikwa na namba kubwa.

Nyingine aliyoificha ilikuwa ukurasa wa mbele wa daftari. Mwaka 2022 alikuwa na bima 40. Zilipoisha, 31 zilihuishwa kwake. Hapo ndipo mwajiri anapotazama, maana bima ya gari ni ya mwaka mmoja na mteja yuko huru kwenda kwa mwingine. Asiyepigiwa simu wiki 2 kabla ya stika kuisha atanunua popote atakapoegesha. Ukiona wasifu una mauzo makubwa ya mwaka wa kwanza na hakuna neno juu ya kuhuisha, uliza. Mara nyingi wateja walikuwa ndugu na marafiki, wakanunua mara moja kumtoa aibu. Kwenye bima ya maisha swali hilo ni zito zaidi, kwa kuwa kamisheni ya mwaka wa kwanza huwa kubwa na ya miaka inayofuata hushuka.

Tuliuandika upya mstari wake hivi:

“2023: ada ya bima shilingi milioni 12 bila kodi, kamisheni milioni 1.8. Bima 65 kwa wateja 58. Magari 56, moto na wizi 9. Bima 31 kati ya 40 za 2022 zilihuishwa. 34 ni mpya.”

Angalia kwamba bima na wateja ni hesabu tofauti. Mwenye duka aliyekata na bima ya gari lake ni mteja mmoja mwenye bima 2, na tofauti ya 65 na 58 inanieleza kuna watu waliomwamini zaidi ya mara moja.

Karatasi ya pili ndiyo iliyonishtua. Alikuwa ameorodhesha wateja wake kwa majina, namba za simu na namba za magari. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si utovu wa adabu tu. Na hata pasipo sheria, mwajiri mwenye akili atajiuliza: akiondoka kwangu, wangu atawapeleka wapi? Tukaichana. Badala yake akaandika aina ya watu: wenye gari binafsi wa Igoma na Buhongwa, maduka ya vipuri, wafanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kirumba.

Hao wa dagaa nikawafuata, maana kwenye ujuzi wa bidhaa alikuwa ameandika “naelewa bima zote,” sentensi isiyosema kitu. Nikamwomba anieleze bima moja ya ghala aliyoiuza. Akasema mteja alitaka kukata bima ya milioni 20, thamani ya mzigo wa siku ile. Yeye akamuuliza mwezi angani ukoje. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka ghala huwa nusu tupu, giza likirudi mzigo unafika milioni 40. Moto ukizuka siku hiyo na kuunguza mzigo wa milioni 10, kampuni haitalipa 10. Bima ni nusu ya thamani, fidia nayo itakuwa nusu: milioni 5, kabla ya kukata sehemu anayobeba mteja mwenyewe. Akamkatia ya milioni 40.

Nikamwambia aandike hiyo, kwa mistari 2, aifute ile ya “bima zote.”

Likabaki suala la leseni. Juu kabisa aliandika “Wakala wa bima aliyesajiliwa na TIRA.” Nikatafuta kwenye orodha ya mamlaka hiyo ya kusimamia bima, nikakuta usajili ni wa ofisi aliyokuwa akiifanyia kazi, si wake. Hili ni kosa la kawaida, na linaangusha watu wazuri, kwa sababu ni rahisi sana kuhakiki na mwajiri akilikuta hatakuwa na hamu ya kusikia habari za dagaa. Akabadilisha: “Ofisa mauzo chini ya wakala aliyesajiliwa,” pamoja na namba ya usajili wa ofisi ile na tarehe yake ya kwisha. Cheti chake cha mafunzo ya bima, ambacho kilikuwa chake kweli na kilikuwa kimezikwa chini ya semina za ujasiriamali, kikapanda juu.

Alitoka na karatasi moja. Aliyokuja nazo zilikuwa 2.