Baluni ya Noah: laki nne za mzee zilivyogeuka laki tano na ushei

Mzee alipanda ngazi za ofisi yangu hapa Mwembe Tayari akiwa ameshika risiti ya petroli. Nyuma ya risiti alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: 43,383 toa 32,000, ni 11,383. Chini yake, 11,383 mara 36, ni 409,788. Jibu kalipigia mistari miwili.

Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. "Mwanangu, hiyo ndiyo baluni yangu, ile ya kulipa kwa mkupuo mwishoni mwa mkopo wa gari, au siyo?"

Siyo. Lakini kosa lake ni la watu wengi, na miaka niliyokuwa nikitoa mikopo ya magari nililiona kwa madereva, kwa walimu, hata kwa mhasibu mmoja. Ndiyo sababu nikaona niliandike.

Mzee huyu anabeba wageni kutoka uwanja wa ndege wa Moi kwenda mahoteli ya Nyali, Bamburi na Diani. Alikuwa ameiona Noah yadini kwa shilingi 1,500,000. Ana 300,000 za kutanguliza, kwa hiyo anakopa 1,200,000 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kila mwezi, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Rejesho la kawaida la mkopo kama huo ni 43,383 kwa mwezi. Mzee akasema hiyo haiwezi, mwezi wa Mei na mvua zile za masika hana wageni wa kutosha hata mafuta. Mkopeshaji akamwambia: basi lipa 32,000 kwa mwezi, kitakachobaki tutakifanya baluni, utalipa kwa mkupuo mwishoni. Hakumwandikia kitakuwa kiasi gani. Mzee akaenda akapiga hesabu yake mwenyewe.

Hesabu yake ingekuwa sawa kama pesa anazozipunguza zingekaa kimya. Hazikai. Kila shilingi ambayo hukuilipa mwezi huu inabaki ndani ya deni, na deni linatozwa riba mwezi ujao, na riba ile nayo inazaa. Chukua ile 11,383 ya mwezi wa kwanza peke yake. Itakaa miezi 35 kabla ya siku ya mwisho, na kwa asilimia 1.5 kila mwezi itafika 19,168. Ya mwezi wa pili itakuwa pungufu kidogo, ya tatu pungufu zaidi, mpaka ya mwezi wa 36 ambayo haina muda wa kuzaa na inabaki 11,383 ile ile. Ukizijumlisha zote 36 unapata 538,136. Ndiyo baluni yenyewe. Mzee alikosea kwa 128,000 na ushei, na hizo si faini wala ada ya siri. Ni riba halali ya kulipa polepole.

Nilijua hataniamini kwa maneno, nikatoa daftari tukapiga miezi mitatu kwa mkono. Mwezi wa kwanza deni ni 1,200,000, riba yake 18,000. Katika ile 32,000, riba inachukua 18,000 kwanza, zinazobaki 14,000 ndizo zinazokata deni. Salio 1,186,000. Mwezi wa pili riba ni 17,790, deni linakatwa 14,210, salio 1,171,790. Mwezi wa tatu riba 17,577, deni linakatwa 14,423, salio 1,157,367. Mzee aliangalia ile nambari ya mwisho akahesabu kwa vidole: kalipa 96,000, deni limeshuka 43,000 tu. Akanyamaza kidogo, kisha akaagiza kahawa kwa kijana aliyekuwa akipita chini na dele.

Ukiendelea hivyo, baada ya mwaka mmoja salio ni 1,017,423. Baada ya miaka miwili ni 799,131. Mwisho wa mwaka wa tatu, rejesho la 36 likishalipwa, ni 538,136. Utaona deni linashuka kwa kasi zaidi kadiri unavyokwenda, kwa sababu riba inakula kidogo na rejesho linakata zaidi. Na utaona pia kwamba 18,000 ndiyo sakafu ya mkopo huu. Mtu akikupangia rejesho la 18,000 kamili, miaka mitatu yote utalipa riba tupu na baluni itakuwa 1,200,000 ile ile uliyokopa. Chini ya hapo deni linapanda huku unalipa.

Huna haja ya kuandika mistari 36. Kanuni ni fupi: deni ulilokopa likuzwe mpaka siku ya mwisho, kisha utoe marejesho yako nayo yakiwa yamekuzwa vivyo hivyo.

```
Baluni = D × (1+r)^n − M × ((1+r)^n − 1) / r
```

D ni deni la mwanzo, M ni rejesho la mwezi, r ni riba ya mwezi (0.015, si 18), n ni idadi ya miezi. Ukiwa na Excel, hata kwenye simu, andika:

```
=FV(0.015,36,32000,-1200000)
```

Ile alama ya kutoa mbele ya mkopo usiisahau. Ukiiacha, jibu litakuja -3,563,798 na utadhani umeuza nyumba.

Hesabu hii inasimama tu kama riba ni ya salio linalopungua na kiwango hakibadiliki katikati. Wapo wanaotaja asilimia 18 hiyo hiyo wakimaanisha riba bapa, ambayo inahesabiwa kwenye deni la mwanzo miezi yote. Hapo riba ni 18,000 kila mwezi mpaka mwisho, 14,000 tu ndizo zinazokata deni, na baada ya miezi 36 umekata 504,000. Baluni inakuwa 696,000. Gari lile lile, rejesho lile lile, asilimia ile ile mdomoni, tofauti karibu 158,000. Njia ya kujua ni rahisi: omba ratiba ya malipo kabla ya kuweka sahihi, uangalie mstari wa mwezi wa pili. Ukikuta riba 17,790 uko salama. Ukikuta 18,000 tena, simama uulize. Asiyetaka kukupa ratiba, mimi binafsi nisingemkopa.

Kuna jambo la tarehe pia. Baluni ya 538,136 ni ile inayolipwa siku moja na rejesho la 36, kwa hiyo siku hiyo unatakiwa uwe na 570,136 mkononi. Mikataba mingine inaiweka mwezi mmoja baadaye. Unapata mwezi wa kupumua, lakini deni linazaa tena 8,072 na baluni inakuwa 546,208. Na ukiruka rejesho moja njiani, tuseme la mwezi wa 10, halipotei: linafika mwisho likiwa 47,127, kabla ya faini yoyote ya kuchelewa.

Mzee akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja. "Sasa nikiweka akiba kila mwezi ya kuilipa hiyo baluni?"

Tukapiga. 538,136 gawanya kwa 36 ni 14,948 kwa mwezi, ikiwa akiba hiyo haipati faida yoyote. Jumlisha na rejesho la 32,000, inakuwa 46,948. Yaani anayeweza kuweka akiba ya baluni kwa mpangilio huo angeweza kulipa rejesho la kawaida la 43,383, abakiwe na chenji, na gari liishe deni bila mkupuo. Mzee alicheka mpaka kikombe kikatikisika. Labda chama au sako yako inalipa faida inayozidi asilimia 18 kwa mwaka, lakini sijaiona bado.

Kwa hiyo kwa maoni yangu baluni haimfai mwenye kipato sawa kila mwezi. Inamfaa mtu ambaye pesa zake zinakuja kwa mafungu, na mzee ni mmoja wao: Agosti na Desemba Noah hailali. Nikamwonyesha hesabu nyingine. Mkopo ukianza kuhesabiwa Januari, alipe 32,000 zake kila mwezi, lakini kila Agosti na kila Desemba aongeze 40,000. Kwa miaka mitatu nyongeza hizo sita ni 240,000, lakini zinapunguza baluni kwa 298,908, kwa sababu shilingi inayoingia mapema inaizuia riba isizae. Baluni inashuka hadi 239,228. Hiyo hata akiuza Noah kwa haraka anailipa na kubakiwa na kitu.

Hapa pana mtego mdogo wa kiofisi. Ukipeleka 40,000 za ziada bila maelezo, mara nyingi mfumo unaziweka kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema. Deni halikatwi siku hiyo. Pesa zinangoja tu tarehe yake. Lazima uandike barua au ujumbe kwamba hizi ni za kupunguza deni la msingi, na usubiri taarifa inayoonyesha salio limeshuka kwa 40,000 kamili. Uliza pia kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati, kwa maana ada ya namna hiyo inaweza kuifuta faida yote.

Na jambo la mwisho alilonisikiliza kwa makini zaidi, pengine kwa sababu ni la gari na si la hesabu. Hapa Kenya gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo Noah yadini huwa na miaka saba hivi. Baluni itakapoiva itakuwa na kumi, na kilomita za kwenda Diani na kurudi juu yake. Logibuku itabaki na jina la mkopeshaji kando ya jina lake mpaka senti ya mwisho, hivyo hawezi hata kuiuza ili alipe baluni bila kwanza kukubaliana naye. Nilimshauri kila Desemba aulize yadini Noah ya umri huo inauzwa ngapi, na ailinganishe na salio lake la siku hiyo.

Alikunja ile risiti ya petroli akaitia mfukoni, na ukurasa wa daftari nikamchania. Wiki iliyofuata alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Ratiba ameipata. "Mstari wa pili," akasema, akaanza kunisomea tarakimu moja moja, "moja, saba, saba, tisa, sufuri."