Uso mwekundu haumfanyi bata kuwa bata mzinga

Picha imetumwa tena. Bata dume mkubwa, mweusi mwenye mabaka meupe, uso umejaa vinundu vyekundu, na chini yake mwenye mali anaandika kwamba anamtafutia bata mzinga wake jike. Wanaojibu nao wanamtajia bei. Huyo si bata mzinga na hajawahi kuwa. Ni bata Muskovi, yule yule aliyejaa kwenye nyua za Tukuyu, Uyole, Mafinga na Makambako, ambaye wengi wetu tunamwita bata tu. Akiletewa jike la mzinga watakaa pamoja mpaka wazeeke bila kupata kifaranga hata mmoja.

Kosa linaanzia kwenye rangi. Mtu anaona nyekundu kichwani, anamaliza kazi ya kutazama. Wekundu uko kwa Muskovi, uko kwa mzinga, uko hata kwenye ndevu za kanga, kwa hiyo peke yake haukuambii kitu. Anzia chini. Kama vidole vimeunganishwa na ngozi, una bata au bukini. Kama vidole vimeachana kama vya kuku, una mzinga au kanga. Dume wa kwenye picha ile alikuwa amesimama kwenye udongo mkavu, miguu yake inaonekana vizuri, na ngozi kati ya vidole ilitosha kumaliza ubishi kabla ya kufika kichwani.

Ukishapanda kichwani, uliza nyama ile imeota wapi. Kwa Muskovi vinundu vimezunguka jicho na kushuka mpaka kwenye shina la mdomo, wakati mwingine vimerundikana juu ya pua, lakini vimelala usoni palepale. Havining'inii. Mashavu yaliyobaki, kisogo na shingo vina manyoya kamili, na dume akikasirika husimamisha manyoya ya utosini na kutoa sauti ya kupumua kwa nguvu, kama hewa inayotoka kwenye tairi. Mzinga ni habari nyingine kabisa. Kichwa chake chote na sehemu ya juu ya shingo ni ngozi tupu, yenye bluu, nyekundu na weupe unaobadilika dakika kwa dakika kadiri anavyochangamka. Juu ya mdomo ana mkia wa nyama ambao akiwa ametulia husinyaa na kusimama kama kidole kidogo, na akijitunisha hurefuka mpaka ukaanguka pembeni na kupita ncha ya mdomo. Muskovi hana kitu kinachorefuka na kurudi namna hiyo. Jike la mzinga nalo lina kinyama hicho, ila kifupi, ndiyo maana watu humkosea zaidi jike kuliko dume.

Mdomo nao unatosha peke yake. Wa mzinga ni mfupi, umechongoka, wa kudonolea. Wa Muskovi ni bapa, ila si mpana sana, na ncha yake ina ukucha uliokunjika kidogo kuelekea chini. Mfungue mzinga mdomo pembeni hutaona meno yoyote. Mfungue bata utaona vijino vya kuchujia vimepangwa ukingoni. Na mzinga dume mzima ana ule ushungi wa nywele nyeusi ngumu unaotoka katikati ya kifua. Bata yeyote hana.

Sasa kuna kosa la pili, na hili linaumiza mfuko zaidi. Ni ndege mweupe. Sokoni kila ndege mweupe mnene mwenye miguu ya ngozi anauzwa kwa jina la bukini, na mnunuzi anakubali kwa kuwa ni mkubwa. Wakati huo anaweza kuwa mmoja kati ya watatu: Muskovi mweupe, bata Pekini, au bukini wa kweli. Ukubwa hautenganishi, maana dume la Muskovi lililolishwa vizuri hufika kilo 5 au 6, na bukini mdogo anaweza kuwa hapo hapo.

Muskovi mweupe umeshamjua kwa uso. Hao wawili waliobaki ndio wanaohitaji jicho. Mshike kichwa na umtazame kwa ubavuni. Mdomo wa Pekini ni mrefu, mpana na umelala. Ukiuangalia kutoka pembeni una umbo la kijiko kilichobanwa. Mdomo wa bukini umesimama: shina lake, pale unapokutana na paji la uso, ni refu kwenda juu, kisha unapungua haraka mpaka kwenye ncha. Ni mdomo wa kukatia majani, si wa kuchujia tope, na vijino vyake ni vigumu, vinaonekana ukingoni hata akiwa ameufunga nusu. Bukini wa ukoo wa China na wale wakubwa wa kijivu wanaoitwa bukini wa Afrika wana nundu ngumu kwenye paji, juu kabisa ya mdomo. Ukiiona hiyo, kazi imekwisha. Usiichanganye na vinundu vya Muskovi: nundu ya bukini ni moja, imefunikwa na ngozi isiyo na mikunjo, na haizunguki jicho.

Halafu mwache atembee. Miguu ya Pekini imekaa nyuma kidogo, kwa hiyo anayumba kushoto na kulia na kifua kimeinuka. Bukini miguu yake iko karibu na katikati ya mwili, anatembea kwa hatua zilizotulia na anaweza kula majani mchana kutwa akienda. Shingo ya bukini ni ndefu kiasi kwamba akiinyoosha kichwa kinapita mwili mbali, na kwa bukini wengi manyoya ya shingoni yamejipanga kwa mistari ya mifereji inayoonekana ukisogea karibu. Muskovi naye mwili wake umelala sambamba na ardhi, mrefu, na mkia mpana unaopunguka taratibu. Dume la Pekini lina manyoya mawili matatu ya mkiani yaliyojikunja kwenda juu. Dume la Muskovi halina, na dume la bukini halina. Hapo umeokoa fedha yako bila kuuliza mtu.

Kanga sitamzungumzia sana, kwa sababu ni mara chache mtu anamkosea akiwa mkubwa. Kichwa kidogo kisicho na manyoya, pembe ya mfupa utosini, ndevu mbili pembeni mwa taya, mwili ulioinama mgongo kama aliyebeba mzigo, mkia ukishuka, na madoa meupe kila mahali. Ni ndege wa Afrika, na wenzake wa porini wapo Ruaha na Usangu. Kinachosumbua ni dume na jike. Ndevu za dume huwa kubwa zaidi na zimekunjika kama kikombe, lakini kwa kanga wa miezi minne hilo linadanganya. Sauti ni salama zaidi: anayetoa mlio wa silabi mbili, tena na tena, ni jike. Anayetoa silabi moja tu anaweza kuwa yeyote, maana jike naye hutoa ule wa silabi moja, kwa hiyo usimhukumu kwa kumsikia mara moja.

Kwa vifaranga nako vitabu huandika kana kwamba ni rahisi. Si rahisi. Muskovi wa wiki tano hana wekundu wowote usoni, na jike huchelewa zaidi ya dume. Wakati huo shika mguu: kucha za Muskovi ni ndefu na kali, zinakukwaruza mkononi, kwa kuwa ni ndege wa kupanda juu ya miti. Za kifaranga wa Pekini ni butu zaidi. Na ukikuta bata ana mwili wa Muskovi lakini uso wenye vinundu vichache tu vya kusitasita, uwezekano mkubwa ni chotara wa hao wawili. Hukua vizuri na nyama yake ni nzuri, ila ni tasa. Watu hununua majike ya aina hiyo kwa ajili ya mbegu, wanangoja vifaranga ambavyo havitakuja.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu ya mayai. Kila ndege ana siku zake: kuku 21, kanga 26 hadi 28, mzinga 28, Pekini 28, bukini karibu 30, Muskovi 35. Tuseme mtu wa Rungwe amepewa mayai 7 ya "bata mzinga" na jirani, akayaweka chini ya tetea tarehe 1 Juni. Anahesabu siku 28, anatazamia vifaranga tarehe 29 Juni. Tarehe 30 kimya. Anavunja yai moja kuangalia, anakuta kifaranga amelala, hajitikisi sana, na kiini cha njano bado kiko nje ya tumbo. Anasema yameharibika, anayatupa yote. Yalikuwa mayai ya Muskovi, yalikuwa yazima, na yangeanguliwa tarehe 6 Julai. Kile kiini huingia tumboni siku za mwisho mwisho, kwa hiyo kukikuta nje siku ya 29 ni dalili kwamba kila kitu kinakwenda sawa.

Usivunje, mulika. Subiri giza, funika taa ya simu kwa kiganja ubaki na tundu dogo, kisha uwekee ule upande butu wa yai. Siku ya 10 lililo hai linaonyesha mishipa kama mizizi ya nyasi. Siku ya 28 kwa Muskovi yai limejaa giza tupu isipokuwa chumba cha hewa juu, na mara nyingine unaona kivuli kinasogea. Lisilo na mbegu linang'aa lote, na lililokufa mapema lina pete ya damu. Lililooza linacheza maji ndani ukiligeuza taratibu, na harufu inaanza kutoka. Hilo litoe upesi kabla halijapasuka juu ya mengine.

Tetea mmoja atoshe mayai 6 au 7 ya bata, si zaidi, kwa sababu kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu yale ya pembeni hupoa. Ni makubwa kwake kuyageuza, kwa hiyo mgeuzie mwenyewe asubuhi na jioni akitoka kula, na ukome siku ya 32. Kuanzia siku ya 25 nyunyizia mayai maji ya vuguvugu kidogo mara moja kwa siku, maana bata mwenyewe angerudi kiotani akiwa amelowa. Weka chakula na maji karibu naye, kwa kuwa wiki 5 ni ndefu kwa kuku na wengine huacha kiota. Andika tarehe kwenye yai kwa penseli. Kama baridi ilikuwa kali, ongeza siku 2 kabla ya kukata tamaa, yaani kwa mfano ule mpaka tarehe 8 Julai, na hata hapo mulika kwanza.