Kabla ya kusimamisha skrini wima, kagua paneli yake

Wakili mmoja hapa Kisumu alitaka kusoma hukumu za PDF bila kuvutavuta ukurasa. Skrini yake ni ya inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080, upana kama sentimita 53 na kimo 30. Ikilala, ukurasa wa A4 unabanwa hata kuwa mdogo kuliko karatasi yenyewe. Ikisimama, ukurasa mzima unaenea kwa upana wa sentimita 30 na nafasi inabaki. Kwa msimbo wa programu, mistari inayoonekana kwa pamoja inakaribia maradufu.

Lakini kwanza nilimwomba aiwashe ikiwa imelala, kisha aitazame kutokea chini. Rangi zikigeuka, nyeupe ikawa ya kijivu na nyeusi ikafifia, paneli ni ya TN. Udhaifu huo wa chini ukiigeuza unahamia ubavuni: jicho la kushoto na la kulia yanaona mwangaza tofauti, na macho yanachoka upesi. Skrini ya mitumba inaweza kuwa ya aina hiyo, kwa hiyo fanya jaribio hili dukani kabla ya kulipa. Ya wakili ilikuwa IPS, aina nyingine ya paneli, haikubadilika.

Standi yake ilikuwa na egemeo la kuzungusha. Ipandishe hadi juu kabisa, ilaze nyuma kidogo, ndipo uizungushe kufuata saa. Ukianza ikiwa chini, kona itagonga meza. Acha waya ulegee. Kama standi haizunguki, tafuta matundu manne mgongoni yenye umbali wa milimita 100 kwa 100, na ununue mkono wa VESA.

Kwenye Windows fungua `Settings`, `System`, `Display`, kisha `Display orientation` uchague `Portrait`. Picha ikitokea juu chini, chagua `Portrait (flipped)`. Kwenye Linux inayotumia X11, jina la tundu utalipata kwa kuandika `xrandr` peke yake, kisha uliweke mahali pa `HDMI-1` hapa:

```
xrandr --output HDMI-1 --rotate left
```

Hapo ndipo wengi wanapoishia, kisha wanalalamika kwamba herufi zina ukungu mwekundu na wa bluu pembeni. Kila pikseli ina vijisehemu vitatu, chekundu, kijani na bluu, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. ClearType ya Windows inavitumia kulainisha kingo za herufi. Ukigeuza skrini, vijisehemu vinapandana juu kwa chini, ila ClearType inaendelea kuhesabu kana kwamba havijasogea. Andika `cttune` kwenye menyu ya Start, uondoe alama kwenye `Turn on ClearType`. Kwenye mazingira ya GNOME:

```
gsettings set org.gnome.desktop.interface font-antialiasing 'grayscale'
```

Herufi zitapungua makali kidogo, lakini ukungu utatoweka. Wakili aliongeza ukubwa wa ukurasa hadi upana wote ujae, na tofauti ya makali haikumsumbua tena. Kwa maandishi madogo ya msimbo utaiona zaidi. Ongeza fonti pointi moja au mbili, maana kimo unacho cha kutosha.