Herufi nne au sifa tano: kwa nini "aina" yako hubadilika

*Mwaka jana kipimo cha mtandaoni kiliniambia mimi ni INFJ. Juzi nimerudia, kikasema ENFJ. Je, nimebadilika mimi, au kipimo ndicho kibovu? Na hizo Sifa Tano Kuu za wanasaikolojia zina nafuu gani?*

Yaelekea hujabadilika. Ulikuwa umesimama karibu na mstari, ukavuka kidogo.

Kipimo hicho hukupa jina la herufi nne, na kila herufi inakuweka upande mmoja kati ya miwili. Chukua herufi ya kwanza, ile inayotenganisha wakimya (I) na wachangamfu (E). Tuseme ina maswali 20, na kila swali ni la kuchagua upande mmoja. Mwaka jana ulichagua uchangamfu mara 9, ukaitwa I. Juzi pengine ulikuwa umetoka harusini, ukauchagua mara 11, ukaitwa E. Maswali mawili tu yamegeuka, lakini jina lako zima limegeuka nayo. Na aliyepata 1, yule anayejificha chumbani wageni wakibisha hodi, anaitwa I sawasawa na wewe wa 9, ingawa wewe unafanana zaidi na mwenye 11 kuliko yeye.

Kukata hivyo kusingekuwa na ubaya kama watu wangejipanga mafungu mawili, wakimya huku na wachangamfu kule, katikati pakiwa patupu. Hali haiko hivyo. Ukichora alama za watu elfu moja unapata kilima kimoja, na kilele chake kiko katikati, kama ilivyo kwa urefu wa watu. Mstari unapitishwa mahali walipojaa watu wengi zaidi. Kisha zidisha hatari hiyo mara nne. Hata kama kila herufi ina nafasi ya asilimia 85 ya kujirudia, nafasi ya zote nne kurudi vilevile ni 0.85 × 0.85 × 0.85 × 0.85, yaani 0.52. Karibu nusu ya watu watapata angalau herufi moja mpya bila kubadilika chochote.

Wazo la aina lina umri mrefu. Wale sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki wanaotajwa kwenye semina za ndoa wanatokana na tiba ya Wagiriki wa kale, walioamini kwamba tabia huongozwa na majimaji manne ya mwili: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Majina yamedumu, tiba yenyewe imekufa zamani. Herufi nne zinatokana na maandishi ya Carl Jung, daktari wa Uswisi, ya mwaka 1921. Mmarekani Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers waliyageuza kuwa dodoso, wakaongeza jozi ya mwisho, J ya wanaopenda kupanga mapema na P ya wanaopenda kwenda na hali. Njia zote hizi zilianza na nadharia, ndipo watu wakatafutiwa vyumba vya kukaa.

Sifa Tano Kuu zilianzia upande mwingine, kwenye kamusi. Hoja ilikuwa kwamba tabia yenye uzito katika maisha ya watu lazima iwe imeshapewa neno. Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walichambua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 ya kuelezea watu. Waliofuata waliyapunguza, wakawapa watu wajipime au wapime wenzao kwa maneno hayo, kisha wakatazama kwa hesabu ni maneno gani huandamana. Mara nyingi yalikuwa yakijikusanya mafungu matano: uchangamfu, wema kwa wengine, uwajibikaji, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na upenzi wa mambo mapya. Hapa hupewi jina. Unapewa alama tano, na anayetoka 29 hadi 31 anaonekana kama alivyo, mtu aliyesogea hatua mbili.

Mwaka 1989 wanasaikolojia Robert McCrae na Paul Costa walilinganisha vipimo hivi viwili kwa watu walewale. Herufi nne ziliangukia kwenye sifa nne kati ya tano, kwa hiyo si za kubuni tu. Zinagusa kitu cha kweli kisha zinakikata vibaya. Iliyokosekana ni wasiwasi, na hilo ni pengo kubwa, maana ndiyo sifa inayohusiana zaidi na sonona na msongo wa mawazo. Nadhani ndiyo siri ya kupendwa kwa herufi nne: hakuna herufi mbaya, kila mtu anatoka na sifa zake nzuri.

Lakini Sifa Tano nazo zina mahali zinapovuja. Dodoso la bure la IPIP, hazina ya maswali ya tabia iliyo wazi kwa wote, lenye maswali 50 hutoa maswali 10 kwa kila sifa, na unajibu kuanzia 1, si mimi kabisa, hadi 5, ndimi hasa. Kwenye uwajibikaji, maswali 6 yanasifu, kama "Nafuata ratiba", na 4 yanakwenda kinyume, kama "Naacha vitu vyangu ovyo". Yale manne yanageuzwa kabla ya kujumlisha: 6 toa jibu, hivyo 5 inakuwa 1. Sasa mpe mtu anayekubali kila kitu, labda kwa heshima kwa mgeni anayemhoji, au kwa kutaka amalize arudi shambani. Anajibu 5 kote. Yale 6 yanampa 30, yale 4 yaliyogeuzwa yanampa 4, jumla 34 kati ya 50. Ni alama ya kawaida kabisa, wala hakuna atakayeshtuka, kumbe haisemi lolote. Dawa ni kutazama majibu yenyewe kabla ya jumla: aliyekubali kwa nguvu kwamba anafuata ratiba na kwamba vitu vyake viko ovyo, weka karatasi yake kando.

Hili si jambo la darasani tu. Watafiti waliowahoji ana kwa ana wakulima wa magharibi mwa Kenya walikumbana nalo, na majibu hayakujipanga kwenye mafungu matano kama vitabu vinavyosema. Kwa Watsimane wa Bolivia, wanaoishi kwa kulima na kuwinda, utafiti wa mwaka 2013 kwa watu wazima 632 haukuyaona mafungu hayo pia. Sehemu ya lawama ni ya namna ya kuhoji, sehemu ni ya kamusi iliyoanziwa. Mtu mwenye soni, kwa mfano, utamweka fungu gani? Si ukimya, si wema, wala si wasiwasi.

Hata pale kipimo kinapofanya kazi vizuri, usikibebeshe mzigo usio wake. Uwajibikaji ndio sifa inayobashiri utendaji kazini kwa uthabiti zaidi, lakini uhusiano wenyewe ni kama 0.2, pale ambapo 0 ni kutohusiana na 1 ni kuandamana kikamilifu. Ukizidisha 0.2 kwa 0.2 unapata 0.04, yaani inaeleza asilimia 4 tu ya tofauti kati ya wafanyakazi. Inasaidia ukiwa na waombaji mia. Kwa mtu mmoja aliye mbele yako haitoshi kumnyima kazi. Herufi nne hazifai kuajiria kabisa, na wachapishaji wake wenyewe wanakataza. Zinafaa kuanzishia mazungumzo, pale mume anapogundua kwamba mkewe akitaka kukaa peke yake baada ya wageni kuondoka hajamkasirikia.

Kwa hiyo ukirudia kile kipimo, ruka herufi utafute asilimia. Tovuti nyingi huziweka chini ya jina. Ukikuta uchangamfu 52 kwa 48, wewe ni mtu wa katikati, na mwezi ujao huenda ukaitwa I tena.